Kuwatuliza Wanafunzi Kabla ya Mtihani wa Serikali

Kila mwaka mvua zinapokwisha na baridi ya mwezi wa 6 inapoingia Lubumbashi, sisi tunaofundisha vijana katika kartie ya Makomeno twaona jambo lile lile. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hupungua mwili. Wengine hawalali, wengine hula bukari matonge mawili na kusukuma sahani. Wakikaa darasani mabega yao yamepanda karibu na masikio, na biki wameishika kama mtu ashikavyo kamba kisimani. Twajua sababu yake. Wanangojea mtihani wa Serikali, ule ambao wao wenyewe huuita Egzeta.

Mtihani huu ulianzishwa mwaka 1967, na nchi nzima huufanya kwa maswali yale yale. Kwanza huja insha, na mazungumzo ya Kifaransa mbele ya mwulizaji. Halafu zinafuata siku 4 za kuchagua majibu katika karatasi: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya tawi alilolisomea mwanafunzi. Mwenye kupata asilimia 50 hupewa diploma, na asiyefika huanza mwaka upya, kama wazazi wanayo fedha ya kumlipia. Tena mara nyingi mtihani haufanyiki katika darasa alilolizoea. Hupelekwa kwenye kituo kingine, akakaa kati ya watoto wa shule nyingine, mbele ya wasimamizi asiowajua. Si ajabu basi moyo wake ukimwenda mbio.

Katika makala hii hatutaki kusema juu ya masomo yenyewe. Twataka kueleza kikao kimoja kifupi cha utulivu, cha dakika 25, tunachokifanya na wanafunzi hao mara 3 kwa juma, tangu juma la 4 kabla ya mtihani. Hakihitaji mkeka wala chombo cho chote. Chahitaji darasa, mabenchi, na mwalimu anayejua anachokifanya. Hilo la mwisho ndilo kubwa, kwa sababu mambo haya ni mepesi kuyaona, lakini yakifanywa vibaya humzidishia mtoto hofu badala ya kuipunguza.

Kwanza yafaa kuelewa hofu hufanya nini mwilini. Mtu akiona hatari, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana. Moyo hupiga haraka ili kupeleka damu kwenye misuli. Misuli hujikaza. Pumzi huwa fupi, na hukaa juu kifuani. Damu hupungua kwenye ngozi, ndiyo maana vidole huwa baridi. Matayarisho hayo ni mema kwa mtu aliyekutana na nyoka njiani, lakini mwanafunzi aliye mbele ya hesabu hana pa kukimbilia. Nguvu zote zile zabaki mwilini mwake, zikimtikisa mkono na kumchafulia fikira. Anasoma swali mara 3 wala haoni neno.

Mwanafunzi hawezi kuuamuru moyo wake upunguze mwendo. Hata akisema mara 100, "Moyo, tulia," hausikii. Lakini yako mambo mawili ya hofu ambayo mtu aweza kuyashika kwa hiari yake, nayo ni misuli na pumzi. Akilegeza misuli na kutuliza pumzi, moyo hufuata wenyewe. Basi huo ndio mlango tunaoutumia.

Jambo hili twawaonyesha wanafunzi siku ya kwanza kwa vidole vyao wenyewe. Twawaambia wakae, waweke vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, wausikilize. Halafu wavute pumzi polepole, na kuitoa polepole zaidi. Wengi wao hushangaa. Wanapovuta pumzi, mapigo hukimbia kidogo, na wanapoitoa, mapigo hupunguza mwendo. Kwa vijana tofauti hiyo huonekana wazi kuliko kwa wazee. Kuna mshipa wa fahamu mrefu unaoshuka kutoka kichwani mpaka moyoni, nao kazi yake mojawapo ni kuupunguza mwendo wa moyo, na nguvu yake huzidi wakati wa kutoa pumzi. Kwa hiyo twawafundisha neno moja walishike: utulivu uko katika kutoa pumzi, si katika kuivuta.

Neno hilo ni la lazima, kwa maana watu wengi humwambia mwenye hofu, "Vuta pumzi nyingi!" Naye huvuta kwa nguvu, tena na tena, kifua kimejaa kama mpira. Baada ya dakika moja au mbili aona kizunguzungu, midomo na vidole vyafa ganzi kana kwamba sisimizi wanatembea juu yake, moyo wazidi kupiga, naye adhani anakufa. Hakuna ugonjwa hapo. Ametoa hewa ya kaboni nyingi mno katika damu yake, na mwili hauwezi kuikosa hewa hiyo kabisa, ijapokuwa twaiita hewa chafu. Mtoto wa namna hiyo hakukosa pumzi, bali amezidisha. Dawa yake ni kuacha kuhesabu, kufunga mdomo, kupumua kidogo kwa pua, na kuzungumza na mtu taratibu mpaka ganzi iondoke. Wengine hutafuta mfuko wa karatasi wampulizie humo. Sisi twakataza, kwa sababu akiwa ni mgonjwa wa pumu mfuko huo waweza kumdhuru.

Sasa twende kwenye kikao chenyewe. Twakifanya saa za alasiri, masomo yakiisha, kabla giza halijaingia, kwa kuwa wengi wanatembea kwa miguu kurudi kwao. Katika majira haya ya ukavu vumbi la Lubumbashi ni jingi, tena moshi wa majani yanayochomwa huingia mpaka madarasani. Kwa hiyo kwanza twanyunyiza maji sakafuni na kufagia, halafu twafungua madirisha ya upande usio na barabara. Wanafunzi hawapiti 20, ili mwalimu aweze kumwona kila mmoja usoni. Mabegi yawekwa nyuma, na simu zazimwa.

Twauliza maswali mawili kabla ya kuanza. La kwanza: nani hajala tangu asubuhi? Wako wanaokosa chakula, na wako wanaofunga kwa ajili ya mtihani. Hao twawakalisha, wafanye ya kukaa tu, kwa sababu mtu mwenye njaa akisimama na kunyoosha mikono juu aweza kuanguka. Swali la pili: nani anaumwa? Mwenye kichwa kuuma, baridi mwilini na viungo vizito si lazima awe na hofu ya mtihani. Yawezekana ni malaria, naye yampasa kwenda kupimwa damu. Kosa baya kuliko yote ni kuitibu homa kwa mazoezi ya pumzi.

Sehemu ya kwanza ni kunyoosha viungo, kwa dakika 8. Twaanza na viungo kwa sababu mtoto aliyekaa darasani tangu asubuhi, tena katika baridi, hawezi kutulia mara moja akiambiwa, "Tulia." Mwili wake unataka kwanza kuamka. Wanasimama, miguu imeachana kidogo. Wapandisha mabega mpaka masikioni, kisha wayaacha yaanguke, mara 5. Waunganisha vidole vya mikono na kuisukuma mikono juu ya kichwa, viganja vikitazama juu. Halafu wapeleka mikono nyuma ya mgongo, washikanishe vidole, kifua kifunguke, maana kifua cha msomaji hujikunja kama ukurasa uliolowa. Kisha wainamisha kichwa upande wa bega la kulia, halafu la kushoto, bila kulivuta bega juu. Kichwa hakizungushwi wala hakitupwi nyuma, kwa sababu shingo haipendi hayo na wengine hupata kizunguzungu.

Mwisho ni mkono wa kuandika, ambao wengi wausahau. Mwanafunzi anyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama mbali naye na vidole juu, na kwa mkono wa pili avivuta vidole polepole kuelekea kwake. Halafu avielekeza chini, akavuta tena. Kila kunyoosha kwadumu kwa hesabu ya 15 hadi 20, bila kurukaruka, na mtu aendelee kupumua. Asikie msuli unavutwa, asisikie maumivu. Mwalimu atazame nyuso: aliyekunja uso amevuta mno, na aliyevimbisha mashavu ameifunga pumzi. Wote wawili wapunguze.

Sehemu ya pili ni kulegeza misuli, kwa dakika 7. Daktari mmoja wa Chicago, Edmund Jacobson, ndiye aliyeifanya njia hii ijulikane kwa kitabu chake cha mwaka 1929. Aliona kwamba watu wengi hawajui kama misuli yao imekaza, kwa hiyo hawajui kuilegeza. Ukimwambia mtoto, "Legeza mabega," atajibu kwamba ameyalegeza, nayo yako juu. Njia ni kumkazisha kwanza kwa makusudi, ili asikie tofauti anapoacha.

Wanafunzi wakaa, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni. Mwalimu asema, "Kunja ngumi," nao wakunja kwa nusu ya nguvu zao, si kwa nguvu zote. Ahesabu mpaka 5. Asema, "Achia," nao waachia mara moja, si polepole. Sasa anyamaza kwa hesabu ya 15. Kimya hicho ndicho zoezi lenyewe, kwa maana hapo ndipo mtoto asikia uzito na joto vikirudi mkononi. Mwalimu mwenye haraka hukikata kimya hicho kwa maneno, akaharibu kazi yote. Baada ya ngumi yafuata mabega, halafu uso na taya, halafu tumbo, halafu miguu. Sehemu 5, kila moja mara 2. Taya ni la kuangaliwa sana, kwa kuwa mwenye hofu husaga meno bila kujua. Meno ya juu na ya chini yakiachana, uso wote hushuka. Kwa miguu, vidole vivutwe juu kuelekea magotini, visielekezwe chini, la sivyo shavu la mguu litashikwa na kakakaka ya misuli, na mtoto atapiga kelele katikati ya utulivu wa wenzake.

Sehemu ya tatu ni pumzi, kwa dakika 5. Mkono mmoja wawekwa juu ya kitovu, mwingine kifuani. Chini ya mapafu kuna msuli mpana uliotandazwa kama paa; ukishuka, tumbo husukumwa nje kidogo na mapafu hujaa bila mabega kupanda. Kwa hiyo mkono wa chini utembee, mkono wa juu ukae. Mwanafunzi avuta kwa pua kwa hesabu ya 4, atoa kwa hesabu ya 6. Aweza kutoa kwa pua, au kwa midomo iliyofungwa karibu, kama mtu apozaye chai ya moto bila kuimwaga. Hakuna kuizuia pumzi katikati. Kuvuta 4 na kutoa 6 ni sekunde 10, kwa hiyo dakika moja ina pumzi 6, na dakika 5 zina pumzi 30. Mwalimu ahesabu kwa sauti ya chini katika dakika 2 za kwanza, halafu anyamaze, kila mtu ajihesabie moyoni.

Wengine hawawezi kufika 6 siku za kwanza. Pumzi yawaishia, nao waivuta ijayo kwa kuirukia. Hao wahesabu 3 na 4 tu. Alama ya kwamba pumzi ni kubwa mno ni kusikika kwake. Pumzi njema haisikiki na jirani. Darasa likivuma kama kiwanda, mwalimu aseme, "Vuteni kidogo kuliko hivyo." Mwenye pumu afanye kwa kadiri yake, dawa yake ikiwa karibu.

Katika sehemu hizi mbili macho hayafungwi kwa amri. Atakaye hufumba, asiyetaka hutazama sakafu mbele ya kiatu chake. Twafanya hivi kwa sababu mbili. Wako watoto ambao wakifumba macho na kunyamaza, ndipo mambo mabaya waliyoyaona huwarudia, na utulivu huwa mateso kwao. Tena wako wazazi waliotujia wakiuliza kama hii ni dini mpya ya kigeni. Tuliwakaribisha ndani wakae na watoto wao, waone wenyewe: hakuna neno la siri linalosemwa, hakuna sanamu, ni misuli na pumzi tu. Mama mmoja, muuza mboga, alipomaliza kikao alisema, "Bwana mwalimu, mimi mabega yangu sikujua kama yanaweza kushuka." Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena.

Sehemu ya mwisho ni kurudi, kwa dakika 3. Twapenda kusisitiza hapa, kwa kuwa wengi huiruka. Mwanafunzi aliyelegea kabisa hawezi kusoma wala kuvuka barabara vema. Watikisa vidole vya mikono na miguu, wasugua viganja, watazama madirisha na mlango, wasimama polepole, wanyoosha mikono juu mara moja tena. Dakika 2 zilizobaki, ili zitimie 25, ni za kushika mshipa na kuhesabu mapigo, mwanzoni na mwishoni. Hofu kidogo si adui, kwani humwamsha mtu na kumfanya asome swali kwa uangalifu. Hatutaki kuimaliza, twataka ipungue mpaka mahali ambapo mtoto aweza kuitumia. Kwa hiyo akilala usingizi na kukoroma, tusijisifu. Mtoto huyo ana deni la usingizi, na dawa yake ni kitanda. Wengi husoma usiku wa manane umeme unaporudi, na hapo hakuna pumzi iwezayo kulipa deni.

Pengine msomaji atauliza: kikao cha darasani kitamfaa nini mwanafunzi aliye mbele ya karatasi, ambako hapewi dakika 25? Tueleze habari za binti mmoja wa miaka 18, ambaye jina lake hatulitaji. Alikuwa wa tawi la ualimu, na kazi zake za nyumbani zilikuwa nzuri. Lakini katika mitihani ya majaribio alifuta majibu sahihi na kuandika ya makosa. Alituambia kwamba herufi zilikuwa zikimkimbia. Siku ya kwanza tulihesabu pumzi zake bila kumwambia: zilikuwa 22 kwa dakika, zote za juu kifuani. Alipojaribu 4 na 6 midomo yake ilikufa ganzi. Tukamrudisha kwenye 3 na 4, na pumzi ndogo. Juma la pili akaweza 4 na 6 akiwa ameketi, na mapigo yake yalishuka kutoka 96 mwanzo wa kikao mpaka 82 mwishoni.

Katika juma la tatu tulibadili kazi. Kila baada ya kikao tulimpa yeye na wenzake karatasi ya maswali 10 na saa juu ya meza, na msimamizi waliyekuwa hawamjui akitembea kati ya madawati. Walifundishwa kazi fupi ya dakika moja: weka biki chini, shusha mabega, achanisha meno, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, vuta na utoe pumzi mara 6, kisha tafuta swali moja unalolijua, uanze na hilo. Hapo mwanzo binti huyo alikataa, akisema dakika moja ni mali katika mtihani. Tukamwuliza alipoteza dakika ngapi akisoma swali moja mara 5. Akacheka, akakubali. Mwenda pole hajikwai.

Alipotoka kwenye mtihani alituambia kwamba hofu ilikuja vile vile siku ya kwanza, mara tu karatasi zilipogawanywa. Vidole vilikuwa baridi. Akaweka biki chini, akahesabu pumzi 6, akaona swali la 4 analijua. "Hofu haikuondoka," alisema, "ila ilikaa pembeni." Siku ya hesabu alifanya hivyo mara 3. Alipata diploma yake. Hatusemi kwamba pumzi ndizo zilizompa alama. Alikuwa amesoma mwaka mzima, na pumzi zilimwachia nafasi ya kuyatoa aliyoyasoma. Katika kundi lile lile alikuwako kijana aliyekuwa bingwa wa kulegea, asiyekosa kikao hata kimoja, lakini vitabu hakuvigusa. Aliingia akiwa ametulia, akatoka akiwa ametulia, naye hakufaulu.

Huo ndio mpaka wa kazi hii, nasi twautaja waziwazi. Wataalamu waliochunguza hofu ya mitihani katika nchi nyingi wameona kwamba mazoezi ya namna hii hupunguza hofu, lakini alama hupanda vema zaidi yakifungamanishwa na mafundisho ya namna ya kusoma na ya kujibu maswali. Tena mazoezi hayafai kuanzwa siku moja kabla ya mtihani. Mwili hujifunza kwa kurudia, kama mguu ujifunzavyo kuendesha baisikeli. Aliyeanza jana atayakumbuka maneno, lakini misuli yake haitayakumbuka.

Na kuna mpaka wa pili. Mwanafunzi ambaye kwa majuma hakulala, hali, hasemi na wenzake, au anayesema kwamba akianguka mtihani ataiacha dunia, huyo hatumwachii kazi ya pumzi. Mwalimu asimwache peke yake, aseme na wazazi wake siku ile ile, tena kwa upole, na ampeleke kwa daktari. Hapa Lubumbashi tunacho kituo cha Dokta Joseph Guislain cha Mabruda wa Upendo, ambacho kinatibu magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu. Si aibu kubisha hodi huko, kama isivyo aibu kumpeleka zahanati mwenye homa.

Walimu wa shule nyingine wakitaka kujaribu, twawashauri waanze na nafsi zao. Mwalimu afanye kikao hiki chote kwa juma moja, asikie mahali mabega yake yanapopanda na pumzi yake inapokwama. Atakapofika mbele ya watoto atahesabu kwa sauti isiyo na haraka, nao watafuata mwendo wa sauti yake kabla ya kufuata maneno yake. Wazazi nao wana sehemu yao, nayo haina hesabu yo yote: jioni ya mwisho wasimwulize mtoto kama yuko tayari. Wampe chakula, maji ya moto ya kuoga na blanketi, wazime taa mapema, na kumwamsha saa ya kutosha, asije akakimbia njiani na kuingia mtihanini pumzi zikiwa juu.